Ajira Hazipo? Umezitafutia Wapi?

Dada yangu ana imani moja thabiti kuhusu uchumi wa nchi hii: kwamba kazi zipo tele, ila mimi sitaki kumtafutia mwanawe. Kwa hiyo kila siku kabla sijapiga mswaki simu inalia, na ndani yake kuna tangazo. Juu ya tangazo WhatsApp yenyewe imeshaandika kwamba ujumbe huu umesambazwa mara nyingi, maana yake umeshapita Tandika, Mbagala, Kigamboni, Mwanza na kurudi. Chini yake dada kaandika: "Kaka, muangalizie mpwa wako."

Namuangalizia. Nabonyeza kiungo, kinafungua ukurasa wenye matangazo ya kubeti, chai ya kupunguza tumbo na picha ya mama aliyepata utajiri kwa njia ambayo madaktari hawataki uijue. Katikati ya hayo kuna mistari miwili kuhusu kazi, halafu kitufe cha "soma zaidi". Nabonyeza, napelekwa ukurasa mwingine wenye chai ileile. Nashuka mpaka chini kabisa, bando linalia kilio cha mwisho, nakuta maneno: mwisho wa kutuma maombi ni wiki iliyopita. Ndiyo ajira tele hiyo.

Sizilaumu tovuti za matangazo ya kazi. Kila mtu anakula kazini kwake, na wao wanakula pale unapobonyeza. Nyingi haziajiri mtu wala hazijui kama nafasi imeshajazwa. Zinakopi kilicho rahisi kukopi, kutoka kwa wenzao waliokopi kabla yao. Ndiyo maana tangazo la benki kubwa utalikuta sehemu kumi na kila sehemu lina kosa lilelile la tahajia. Lakini kiwanda cha vifungashio kilichoko kando ya Barabara ya Nyerere, chenye ofisi ya utumishi ya watu wawili na printa moja, kikihitaji mtu wa stoo hakina haja ya kulipia tangazo popote. Kinalibandika kwenye tovuti yake, bure, kwenye ukurasa ambao hakuna anayeufungua. Na wale watu wawili wa utumishi wanafurahi kimyakimya, maana maombi yakija mengi ni wao watakaoyasoma.

Sasa mpwa wangu amesomea ununuzi na ugavi. Shahada anayo, cheti cha bodi anacho, na suruali ya usaili mama yake keshaipiga pasi mpaka imeanza kung'aa magotini. Jumamosi moja alikuja kwangu na simu yake, akakaa kwenye kochi langu, akaniambia, "Anko, nimetafuta Google, hamna kitu." Nikamuuliza ameandika nini. Akanionesha: *nafasi za kazi ugavi dar*. Majibu yote yalikuwa ni zile tovuti za chai ya tumbo, kurasa na kurasa. Google imeulizwa swali la jumla, ikatoa majibu ya wanaopiga kelele zaidi.

Dawa ya kelele ni neno moja dogo ambalo Google wanalo miaka mingi na watu hawalitumii: `site:`. Kazi yake ni kuiambia Google isitoke nje ya eneo ulilotaja. Ni sawa na kumwambia dalali kwamba nyumba nataka Sinza tu, ukinipeleka Bunju nashuka kwenye bodaboda na silipi. Ukiandika `site:` ukaambatanisha anwani ya kampuni, unaletewa kurasa za kampuni hiyo pekee. Na uzuri wenyewe ni kwamba si lazima utaje kampuni. Unaweza kutaja mkia wa anwani tu. Kampuni nyingi zilizosajili anwani zao hapa nchini zinaishia na `.co.tz`, mashirika na taasisi binafsi `.or.tz`, vyuo `.ac.tz`, serikali `.go.tz`. Kwa hiyo `site:co.tz` ni agizo la kupita kampuni zote zenye mkia huo ambazo Google inazifahamu, bila kwenda kwingine.

Mpwa akaandika. Hakikutokea cha maana. Nikachukua simu nikaangalia: kibodi ya simu yake, kwa ukarimu wake, imeweka nafasi baada ya nukta pacha. Simu za siku hizi zina tabia ya kukusaidia pale ambapo hujaomba msaada. Baada ya nukta pacha hakuna nafasi. Ukiiacha hiyo nafasi, agizo linageuka kuwa maneno ya kawaida, Google inaanza kutafuta neno "site" popote lilipo duniani, nawe unarudi kwenye kochi kusema hamna kitu.

Tukaondoa nafasi, tukaweka neno "ugavi" mbele. Yakaja majibu machache: habari ya semina ya zamani, hotuba ya mgeni rasmi, na kampuni inayouza vifaa vya kupimia mizigo. Hapa nilikunja uso, maana sababu naijua na inaniudhi kila siku. Kiwanda kiko Dar es Salaam, mwenye stoo ni Mswahili, makuli ni Waswahili, dereva wa lori akikwaruza geti anatukanwa kwa Kiswahili fasaha, lakini tangazo la kazi limeandikwa Kiingereza mwanzo mpaka mwisho, na ndani yake kuna sharti kwamba mwombaji awe anajua Kiswahili vizuri. Basi tukakubali yaishe, tukaandika kwa Kiingereza chao:

```
site:co.tz "procurement officer"
```

Zile alama za mtajo zinamaanisha maneno hayo yakae pamoja na kwa mpangilio huo. Sasa majibu yalikuja mengi, na yote yalikuwa ya hovyo kwa njia mpya. La kwanza, tovuti za ajira nazo zina mkia wa `.co.tz`, kwa hiyo zimo. La pili, ofisa ununuzi ndiye anayetajwa kwenye kila tangazo la zabuni nchini: bahasha ziwasilishwe kwake, maswali aulizwe yeye. Tulikuwa tunatafuta kazi, tukaletewa fursa ya kuuza matairi, kuchimba visima na kupaka rangi godauni.

Kinga yake ni alama ya kutoa. Weka kistari, gandisha neno usilolitaka bila kuacha nafasi, na kurasa zenye neno hilo zinaondolewa. Kuondoa tovuti nzima nako ni hivyohivyo: kistari, halafu `site:` na anwani ya tovuti iliyokuchosha. Ukishaondoa tatu nne zinazojirudia, ukurasa wa majibu unaanza kuwa na majina ambayo hujawahi kuyaona, na hayo majina mageni ndiyo tuliyokuwa tunayataka.

Lakini bado tulikuwa tunakisia cheo. Huyu anamwita ofisa ununuzi, yule ofisa ugavi, kampuni ya tatu imetoka kwenye semina hotelini sasa inamwita mratibu wa mnyororo wa thamani, kiwanda cha nne kinamwita msaidizi wa stoo na kumpa kazi za hao wote watatu. Huwezi kukisia mawazo ya kila meneja utumishi. Hapo ndipo inabidi ujiulize: ni neno gani ambalo lazima liwepo kwenye tangazo lolote la kazi hii, cheo kiitwe vyovyote, lugha iwe yoyote, na ambalo halina sababu ya kuwepo kwenye ukurasa mwingine?

Kwa mtu wa ugavi Tanzania, neno hilo ni jina la bodi yake. PSPTB, Bodi ya Wataalamu wa Ununuzi na Ugavi. Karibu kila tangazo la maana la kada hii linadai mwombaji awe amesajiliwa huko. Na anwani ya bodi yenyewe inaishia na `.go.tz`, kwa hiyo ukibaki ndani ya `co.tz`, kurasa zao za mitihani na ada hazitakusumbua. Tukaandika hivi:

```
site:co.tz "PSPTB" -tender -tenders
```

Mpwa akanyamaza. Akaweka simu chini, akaichukua tena. Kulikuwa na kampuni ya usafirishaji, kampuni ya sukari, hospitali binafsi, duka kubwa la vipuri, na matangazo yenyewe yalikuwa ni yao, kwenye kuta zao. "Anko," akasema, "kumbe hawa nao wanaajiri?" Mwanangu, wewe ulidhani mafuta ya kula yanajinunua?

Mbinu hiyo ni ya kila kada yenye bodi. Mhasibu atafute NBAA, na asijisumbue na CPA(T), maana Google haiyajali yale mabano na utaletewa wahasibu wa dunia nzima. Mhandisi atafute ERB, ingawa herufi tatu zinaweza kuwa kifupi cha mambo mengine, kwa hiyo aongeze neno "engineer" pembeni. Dereva na fundi wajaribu VETA. Mimi mwandishi sina neno la kutafutia, ndiyo maana niko hapa nalalamika.

Sasa ngoja nikuharibie furaha kidogo. Majibu yale mazuri, karibu nusu yalikuwa maiti. Google haizingatii kwamba nafasi imejazwa na aliyeipata ameshaoa, amejenga na amefukuzwa. Ukurasa ukiwa haujafutwa, unaletwa. Mpwa alikuwa ameshaanza kuandika barua ya maombi kwa kampuni ya sukari nikamshika mkono. Nikamwambia angalia anwani ya hilo faili.

Matangazo mengi ya kampuni za hapa ni faili za PDF zilizopakiwa kwenye tovuti zilizojengwa kwa WordPress. Na WordPress, isipobadilishwa na fundi, ina tabia ya kuweka kila faili kwenye folda yenye mwaka na mwezi wa kupakiwa. Kwa hiyo anwani ya faili inasomeka hivi katikati yake:

```
/wp-content/uploads/2019/08/
```

Hapo umeshaambiwa: Agosti 2019. Tangazo lenyewe linaweza lisiwe na mwaka kabisa, limeandika tu "maombi yafike kabla ya tarehe 30", lakini folda imechongea. Usidanganywe na mwaka huu ulioandikwa chini kabisa ya ukurasa pembeni ya alama ya hakimiliki. Ule mara nyingi hujibadilisha wenyewe kila Januari hata kama mwenye tovuti alishafilisika. Unaweza pia kuibana Google kwenye "zana" za utafutaji ichague wiki au mwezi uliopita, au uongeze `after:` na tarehe kwa mpangilio wa mwaka, mwezi, siku. Hiyo inasaidia, ila tarehe ambayo Google inaipa kurasa ni makadirio yake, na mara nyingine ukurasa wa kale uliorekebishwa nembo unahesabika mpya. Mimi naamini folda.

Kama unataka PDF peke yake, ipo amri yake pia:

```
site:co.tz filetype:pdf "PSPTB" vacancy
```

Tulipofika kwenye jaribio la sijui ngapi, Google ikatushuku. Ukiuliza maswali ya namna hii mfululizo, inaanza kudhani wewe ni mashine, inakutaka uthibitishe ubinadamu wako kwa kuchagua picha zenye mabomba ya zimamoto ya kando ya barabara. Mpwa wangu amezaliwa Temeke. Bomba la zimamoto la kando ya barabara, lile jekundu fupi, amelionea kwenye filamu. Akachagua picha ya sanduku la posta. Akakataliwa. Akapewa pikipiki, hapo akafaulu bila shida yoyote.

Wakati tunasubiri hasira za Google zipoe, nikamfundisha upande wa pili. Kampuni za kimataifa na mashirika yenye ofisi hapa mara nyingi hazihifadhi matangazo kwenye tovuti zao. Zimekodi mfumo wa kupokea maombi, na tangazo linakaa kwenye anwani ya mwenye mfumo. Ukifungua tovuti ya shirika ukabonyeza kitufe cha kazi, angalia juu: anwani imebadilika. Ndiyo maana `site:` ya shirika lenyewe inaweza kurudi mikono mitupu, wakati nafasi ziko wazi kabisa nyumba ya pili. Mifumo hiyo haina haja ya kuwa siri. Miwili maarufu ni Greenhouse na Lever. Basi unaingilia mlango wa mwenye nyumba:

```
site:greenhouse.io "Dar es Salaam"
site:jobs.lever.co "Dar es Salaam"
```

Hilo la kwanza usiongezee kitu mbele ya anwani. Greenhouse wana matangazo kwenye `boards.greenhouse.io` na pia `job-boards.greenhouse.io`. Ukiandika jina fupi unazipata zote mbili. Na andika jina la mji, si la nchi. Mashirika yana mazoea ya kujisifu aya ya kwanza kwamba yanafanya kazi Kenya, Uganda, Rwanda na Tanzania, halafu nafasi yenyewe iko Nairobi. Ukitafuta "Tanzania" unaletewa hizo sifa. Mji huandikwa pale kwenye kituo cha kazi, hivyo unakosea mara chache zaidi.

Maiti wa huku nao wana dalili zao. Nafasi ya Greenhouse iliyofungwa mara nyingi inakurudisha kwenye orodha ya jumla ya shirika, na mwishoni mwa anwani kunatokea `?error=true`. Watu wengi hawalioni hilo, wanaanza kuhangaika kwamba mtandao unasumbua. Lever ndiyo wastaarabu, wanakwambia wazi kwamba ukurasa haupo, huenda tangazo limefungwa au limeondolewa. Ila ukirudishwa kwenye ile orodha ya jumla usiondoke na hasira: isome. Wametumia nafasi moja iliyokufa kukuonesha zilizo hai.

Na kuna ambazo hutazipata hata ukeshe. Kuna wale ndugu zetu ambao tangazo la kazi ni picha: wamelipamba kwa nembo, maua na kijana mwenye tai anayecheka, wakalipakia kama picha bila maandishi pembeni. Unapotafuta "PSPTB", ukurasa ule hauna neno hilo kwa Google; lipo ndani ya picha tu. Wapo pia ambao tovuti yao Google haijaitembelea tangu iundwe. Kwa hao hakuna njia isipokuwa ya miguu. Nilimwambia mpwa aandike majina ya kampuni anazozipita kwenye daladala kutoka Gongo la Mboto, zile zenye mageti na malori, atafute anwani ya kila moja, kisha aibane hivi, akibadilisha hiyo anwani ya mfano:

```
site:example.co.tz careers OR vacancies OR "join us"
```

Hiyo OR iwe kwa herufi kubwa, maana ikiwa ndogo haihesabiki kama amri. Ikileta ukurasa wa ajira hata kama ni mtupu, au una picha ya kijana wa tai, uhifadhi na urudi kwa macho yako. Ikileta patupu kabisa, basi fungua tovuti ukashuke mpaka chini. Viungo vya kazi huwa vinafichwa huko, pembeni ya sera ya faragha.

Alikuwa ameanza kuchoka, lakini ndipo lilipotokea tunda. Kiwanda cha vifungashio, si mbali na kwao. Faili ya PDF, folda ya mwaka huu, mwezi huu. Msaidizi wa stoo na ununuzi, awe amesajiliwa PSPTB, uzoefu mwaka mmoja au bila uzoefu. Nikafungua tovuti ile ya chai ya tumbo kuhakikisha: haipo. Nikapitia na jumbe za dada za WhatsApp: haipo. Tangazo lilikuwa limekaa peke yake kwenye tovuti ya kiwanda, na tarehe ya mwisho ilikuwa bado.

Tukalisoma mpaka mwisho, mpwa akiwa ameshafungua barua pepe yake tayari kwa kutuma. Aya ya mwisho ikasema: maombi yaandikwe kwa mkono, yaambatane na vivuli vya vyeti, yatumwe kwa Sanduku la Posta, na yatakayokuja kwa barua pepe hayatashughulikiwa.

Mpwa wangu, mwenye shahada ya ununuzi, akainua macho akaniuliza, "Anko, stempu zinanunuliwa wapi?"